Mtumaji Asiyetuma

Duka la dawa lina programu yake ya mauzo. Muuzaji anachagua dawa, anaweka idadi, anabonyeza kitufe cha kukamilisha, na mteja aliyeacha namba ya simu anapata ujumbe mfupi wa shukrani. Miezi inapita bila shida. Kisha mwenye duka anafungua tawi la pili, na kwa kuwa huko hajalipia huduma ya ujumbe mfupi, sehemu hiyo ya mipangilio anaiacha wazi. Mteja wa kwanza wa tawi jipya anafika kaunta, kitufe kinabonyezwa, na skrini inatoa maandishi haya:

```
AttributeError: 'NoneType' object has no attribute 'tuma'
```

Kompyuta ni nzima. Programu ilikwenda pale inapowekwa sehemu ya kutuma ujumbe, ikakuta patupu, na bado ikapaamuru patume. Lugha ya Paithoni huuita utupu huo `None`, Java huuita `null`, Swifti na Rubi huuita `nil`. Majina ni tofauti lakini mkasa ni uleule: huwezi kumwagiza kazi mtu ambaye hayupo, na ukijaribu, programu inakatika palepale ilipofikia. Katika duka letu imekatika mahali pabaya. Dawa zimeshatolewa kwenye hesabu ya stoo, lakini karatasi ya mteja haijachapwa. Muuzaji akibonyeza tena, dawa zitatolewa kwenye hesabu mara ya pili.

Aliyeuingiza utupu huu kwenye lugha za programu anajulikana, na mwenyewe amekiri. Tony Hoare, Mwingereza aliyebuni pia njia maarufu ya kupanga orodha iitwayo kwiksoti, aliuweka mwaka 1965 alipokuwa akisanifu lugha ya Algoli W. Nia yake ilikuwa kila rejeo katika lugha hiyo liwe salama, likaguliwe na kompyuta yenyewe, lakini akashindwa kuvumilia kishawishi cha kuacha nafasi ya rejeo lisiloelekea popote, kwa sababu ilikuwa rahisi mno kuitengeneza. Mwaka 2009, mbele ya mkutano wa wanaprogramu mjini London, aliliita jambo hilo kosa lake la dola bilioni moja. Wapo wanaoona amekisia kidogo.

Dawa ya kwanza ambayo kila mwanaprogramu huifikia ni kuuliza kabla ya kuagiza:

```python
def kamilisha(mauzo, mtumaji, printa):
    mauzo.hifadhi()
    if mtumaji is not None:
        mtumaji.tuma(mauzo.simu, "Asante kwa kununua kwetu")
    printa.chapa(mauzo)
```

Mstari wa tatu unasema: kama mtumaji yupo, basi mpe kazi. Tatizo la tawi la pili limekwisha, na ingekuwa hapa ndipo mahali pekee panapotuma ujumbe, mimi nisingekuwa na neno. Lakini programu ya duka haitumi ujumbe mahali pamoja. Kuna sehemu ya kurudisha dawa, kuna sehemu ya kuwakumbusha wadaiwa, kuna muhtasari anaotumiwa mwenye duka jioni. Kila moja inabidi iulize swali hilohilo. Baada ya mwaka mmoja swali limetapakaa kwenye mafaili mengi, na siku moja anakuja kijana mpya, anaandika sehemu ya kuwaarifu wateja kwamba dawa waliyoagiza imefika, na hakuna aliyemwambia kwamba katika programu hii mtumaji huenda asiwepo. Anaijaribu kwenye kompyuta ya tawi la kwanza, ambako ujumbe umelipiwa, inafanya kazi vizuri. Kosa linalala hadi mteja wa tawi la pili aagize dawa.

Hilo ndilo linalofanya makosa ya aina hii yasumbue. Hayajitokezi pale yanapoandikwa. Yanasubiri mambo mawili yakutane, mpangilio fulani na njia fulani ndani ya programu, na mara nyingi hukutana mikononi mwa mtumiaji.

Mtindo ninaotaka kuueleza unaanzia upande mwingine kabisa. Badala ya kuwafundisha waagizaji wote kuuliza kama mtumaji yupo, tunahakikisha kwamba yupo siku zote. Tawi lisilolipia ujumbe nalo linapewa mtumaji wake, mwenye kitendo kilekile cha `tuma`, ila akiagizwa hafanyi kitu.

```python
class MtumajiSMS:
    def __init__(self, lango):
        self.lango = lango

    def tuma(self, simu, ujumbe):
        self.lango.peleka(simu, ujumbe)


class MtumajiTupu:
    def tuma(self, simu, ujumbe):
        pass
```

Neno `pass` katika Paithoni maana yake ni kupita bila kufanya lolote. Swali la kama ujumbe umelipiwa halijafutika duniani, ila sasa linaulizwa mara moja tu, programu inapowashwa:

```python
def chagua_mtumaji(mipangilio):
    if mipangilio.sms_imewashwa:
        return MtumajiSMS(mipangilio.lango)
    return MtumajiTupu()
```

Kuanzia hapo, kila sehemu ya programu inapokea mtumaji na kumwagiza bila kumchunguza. Mstari wa `if` ndani ya `kamilisha` unafutwa, na ndugu zake wote kwenye mafaili mengine nao wanafutwa. Kijana mpya anaandika `mtumaji.tuma(...)` na kazi yake inakwenda katika matawi yote mawili bila yeye kujua historia ya duka. Fundi bomba hufanya jambo la jinsi hii anapojenga nyumba ambayo bafu la pili litawekwa mwakani: haachi mdomo wa bomba wazi na kuwaambia wenye nyumba wawe waangalifu kila wafunguapo maji, bali anauziba kwa plagi, na maji ya nyumba nzima yanatumika kama kawaida.

Wanaprogramu walikuwa wakifanya hivi kabla mtindo haujapewa jina. Kwenye mifumo ya Yuniksi lipo faili liitwalo `/dev/null`, ambalo programu yoyote inaweza kuliandikia na kila kinachoandikwa kinapotea. Ukilisoma, linakwambia papo hapo kwamba limefika mwisho. Programu inayoandika haihitaji kujua kwamba hakuna anayesoma. Aliyeuandika mtindo wenyewe rasmi, akaueleza kwa mifano na masharti, ni Bobby Woolf, katika miaka ya 1990. Alitoka kwenye jamii ya lugha ya Smoltoki, na mfano wake mmoja ulikuwa klasi ya huko iitwayo `NoController`. Katika lugha hiyo kila picha kwenye skrini ilikuwa na msimamizi wake wa kupokea kipanya na kibodi. Picha ambayo ni ya kutazamwa tu haikuachwa bila msimamizi. Ilipewa huyu, ambaye kila akiulizwa kama anataka kushika usukani hujibu hapana.

Angalia kwamba `NoController` anajibu swali. Mtumaji wetu mpaka sasa anapokea amri tu, na kutotii amri kimyakimya ni rahisi. Ugumu wa mtindo huu, na hapa ndipo naona maelezo mengi ya vitabuni yanapita haraka, unaanza pale objekti tupu inapoulizwa jambo na kulazimika kurudisha jibu.

Tuseme `tuma` ya kweli inarudisha `True` ujumbe ukienda na `False` ukishindwa. Programu inatumia jibu hilo kwa mambo mawili. Ikipata `True`, inaandika kwenye taarifa ya mwezi kwamba mteja ameshajulishwa. Ikipata `False`, inasubiri kidogo na kujaribu tena, mara tatu, kabla ya kukata tamaa. Je, `MtumajiTupu` arudishe nini?

Akirudisha `True`, programu inakwenda kasi bila tatizo, lakini taarifa ya mwezi ya tawi la pili inasema wateja wote walipata ujumbe, na hakuna aliyepata. Mwenye duka akija kulinganisha na bili ya kampuni ya simu atashangaa. Akirudisha `False`, taarifa itakuwa ya kweli, lakini kila mauzo yatasubiri majaribio matatu ambayo hayawezi kufaulu, na foleni kaunta itaanza kurefuka bila sababu inayoonekana kwenye skrini. Majibu yote mawili yanaumiza. Na asiporudisha chochote, Paithoni yenyewe itarudisha `None`, ambayo kwenye sharti la `if` huhesabiwa kama hapana, kwa hiyo tumerudi kwenye foleni.

Jibu sahihi halipo kati ya hayo mawili kwa sababu swali lenyewe lilibuniwa kabla ya kufikiria kwamba ujumbe unaweza kuwa hautakiwi. Njia moja ni kuongeza jibu la tatu, kwamba ujumbe haukuhitajika, na kuifanya taarifa ya mwezi iwe na safu yake. Njia nyingine, ambayo mimi huipenda zaidi, ni kuihamisha kazi ya kujaribu tena na ya kuandika taarifa iingie ndani ya `MtumajiSMS` mwenyewe. Yeye ndiye anayejua mtandao umekataa, yeye ajaribu tena, yeye aandike. `tuma` inabaki amri isiyo na jibu, na mtumaji tupu anaacha yote hayo kwa pamoja bila kusema uongo.

Salio linaleta shida ya namna hiyohiyo. Sehemu moja ya programu inauliza `mtumaji.salio()` kila asubuhi, na likiwa chini ya ujumbe 100, inaonyesha onyo jekundu kwamba muda umefika wa kununua vifurushi. Mtu atakayeandika mtumaji tupu kwa haraka atarudisha 0, kwa kuwa 0 inaonekana haina madhara. Tawi la pili litaamka kila siku na onyo la kununua kifurushi cha huduma ambayo halina. Atakayerudisha namba kubwa sana atakuwa ameficha onyo, lakini siku jumla ya salio la matawi yote itakapohesabiwa kwa ajili ya mwenye duka, namba hiyo itaingia kwenye jumla. Tiba ni ileile, kugeuza swali kuwa amri:

```python
class MtumajiSMS:
    def onya_salio(self, skrini):
        if self.lango.salio() < 100:
            skrini.onyesha("Ongeza salio la SMS")


class MtumajiTupu:
    def onya_salio(self, skrini):
        pass
```

Hata hivyo kuna maswali ambayo yana jibu tulivu la asili, na hayo hayahitaji kugeuzwa. Gharama ya ujumbe ya mwezi inajumlishwa, na ukijumlisha 0 hujabadilisha kitu, kwa hiyo gharama ya mtumaji tupu ni 0 na ni kweli tupu. Orodha ya ujumbe uliotumwa ni orodha isiyo na kitu, na kitanzi kinachopitia orodha hiyo kitazunguka mara sifuri bila kulalamika. Punguzo la bei ni mfano mzuri zaidi kwa sababu unapinga mazoea ya 0. Mteja asiye na punguzo apewe objekti ya punguzo ambayo ikipewa bei inairudisha bei ileile:

```python
class PunguzoTupu:
    def bei_baada(self, bei):
        return bei
```

Mtu akirudisha 0 hapa, dawa zinatolewa bure. Kanuni ni kutafuta jibu ambalo hesabu inayolipokea haitabadilika kwa sababu yake: 0 kwa kujumlisha, 1 kwa kuzidisha, kilichoingia kutoka kilivyo kwa kubadilisha. Pale ambapo hakuna jibu la namna hiyo, kama wastani wa joto la friji ya chanjo, objekti tupu haifai. Kipimajoto kisichokuwepo kikijibu nyuzi 0, namba hiyo ni halijoto halisi yenye maana yake, na chanjo nyingi huharibika zikiganda.

Objekti tupu huwa haina kumbukumbu yoyote ndani yake, kwa hiyo moja inatosha programu nzima. Hakuna haja ya kuunda mpya kila mara. Na ina faida ya pembeni ambayo wanaojaribu programu huifurahia: wakati wa majaribio unampa kila mtu `MtumajiTupu`, unakamilisha mauzo 500 ya uongo, na hakuna mteja hata mmoja anayeamshwa usiku na ujumbe wa shukrani kwa dawa asizonunua.

Sasa tuje kwenye ubaya wake, nao ni ukimya. Programu iliyokatika kwa `NoneType` inakera, lakini inakerea hadharani, ikitaja hadi mstari wa kosa. Objekti tupu iliyowekwa mahali pasipostahili haisemi kitu. Tuseme tawi la kwanza, lililolipia ujumbe, limebadilishiwa mipangilio na neno `sms_imewashwa` likaandikwa vibaya kwenye faili, kisha programu ikachukulia kwamba halijawashwa. Kila kitu kinaendelea. Mauzo yanahifadhiwa, karatasi zinachapwa, skrini ni safi. Kinachokosekana ni ujumbe kwenye simu za wateja, na mteja asiyepata ujumbe wa shukrani hapigi simu kulalamika.

Mfano halisi wa jambo hili wanaujua karibu wote wanaoandika Java. Programu nyingi za lugha hiyo huandika kumbukumbu za kazi zake kupitia maktaba iitwayo SLF4J, ambayo yenyewe haiandiki popote. Inahitaji maktaba nyingine nyuma yake ya kufanya kazi hiyo. Zamani, ukisahau kuiweka hiyo ya pili, programu ilikatika ilipoanza. Kuanzia toleo la 1.6 watengenezaji walibadili mwenendo: ikikosekana, wanaweka mwandika kumbukumbu asiyeandika kitu, na programu inaendelea. Kwa maktaba ya namna hii ulikuwa uamuzi sahihi, maana si haki programu nzima ianguke kwa sababu ya daftari. Lakini hawakunyamaza. Mara moja tu, mwanzoni, skrini inaonyesha:

```
SLF4J: Defaulting to no-operation (NOP) logger implementation
```

Mstari huo unasema wazi kwamba kuanzia sasa kumbukumbu zitatupwa. Ukiwahi kukaa saa nzima ukitafuta kumbukumbu zilikokwenda, kisha ukapanda juu ya skrini na kuukuta mstari huu ukikusubiri, hutausahau. Paithoni nayo ina `NullHandler` tangu toleo la 3.1 la mwaka 2009, kwa kazi hiyohiyo: mwandishi wa maktaba anaiweka ili maktaba yake isiwapigie kelele watumiaji ambao hawakuomba kumbukumbu.

Nimeliiga hilo kwenye duka. Ndani ya `chagua_mtumaji`, kabla ya kumrudisha mtumaji tupu, uwekwe mstari mmoja wa kuandika kwenye kumbukumbu kwamba tawi hili linaendeshwa bila ujumbe mfupi. Usiwekwe ndani ya `tuma`, kwani hapo utaandikwa mara mia kwa siku na baada ya wiki hakuna atakayeusoma. Na neno la mpangilio lisipopatikana kabisa kwenye faili, programu igome kuanza. Kukosekana kwa neno si sawa na neno kusema hapana.

Wapo wanaofupisha njia kwa klasi moja inayokubali agizo lolote:

```python
class ChochoteTupu:
    def __getattr__(self, jina):
        return lambda *a, **k: None
```

Ukiiagiza `tuma`, inanyamaza. Ukiiagiza `onya_salio`, inanyamaza. Ukikosea herufi ukaandika `tumma`, inanyamaza vilevile. Inaokoa dakika chache za kuandika na inafuta ulinzi wote uliokuwa umebaki. Ni afadhali kila aina ya objekti iwe na tupu yake, iliyoandikwa kwa mkono, yenye vitendo vile tu ambavyo ya kweli inavyo. Kitendo kipya kikiongezwa kwenye `MtumajiSMS`, lazima mtu akae afikirie mtumaji tupu akijibuje, na kufikiri huko ndiko tulikokufanya kwa `True`, `False` na salio.

Swali la mwisho ni kama kutofanya kitu kweli hakuna madhara. Kwa ujumbe wa shukrani jibu ni rahisi. Kwa mengine inategemea unalinda nini. Tarehe 12 Juni 2025 huduma nyingi za Gugo zilianguka kwa saa kadhaa duniani kote, na taarifa ambayo kampuni yenyewe iliitoa ilieleza chanzo. Mwishoni mwa Mei walikuwa wameongeza msimbo mpya kwenye mfumo unaokagua kila ombi linaloingia, kuona kama mteja hajavuka kiwango chake cha matumizi. Siku ile sera mpya iliingizwa ikiwa na sehemu zilizoachwa wazi, ikasambaa dunia nzima kwa sekunde chache, na msimbo ule ukakutana na utupu ambao haukutarajia. Kila ulipowashwa upya ulianguka tena.

Sera tupu inayosema pita ingewaacha wateja waendelee na kazi, na hasara kubwa ambayo ningeiona ni baadhi yao kutumia zaidi ya kiwango kwa muda. Katika ahadi zao za marekebisho, Gugo walisema mfumo huo utagawanywa ili sehemu moja ikishindwa maombi yaruhusiwe kupita. Ila badilisha kidogo tu kinachokaguliwa, useme ni ruhusa ya kusoma mafaili ya hospitali, na jibu linageuka. Hapo objekti tupu inayosema pita ni mlango ulioachwa wazi.

Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Paithoni, umelishughulikia hilo kwa namna inayofaa kuigwa. Mtu akifungua ukurasa bila kujitambulisha, programu haipewi `None` mahali pa mtumiaji. Inapewa objekti iitwayo `AnonymousUser`. Ukiiuliza kama imeshajitambulisha, inajibu `False`. Ukiiuliza kama ni ya mfanyakazi, `False`. Jina lake ni maandishi yasiyo na herufi. Ukurasa unaomsalimu mtumiaji au kumficha kitufe cha msimamizi unafanya kazi bila kuuliza kama mtu yupo. Lakini ukiiambia `save()`, yaani ijihifadhi kwenye hifadhidata, haikubali kujifanya imehifadhi. Inatoa kosa la `NotImplementedError` na programu inakatika. Waliotengeneza waliona kwamba kumnyima mgeni ruhusa kimya ni salama, ila kumwambia mwanaprogramu kuwa taarifa zimehifadhiwa wakati zimetupwa si salama, wakayatenganisha ndani ya klasi moja.

Kwenye duka letu mpaka huo unapita kwenye mashine ya EFD. Nchini Tanzania mfanyabiashara anayewajibika kuitumia hana hiari ya kuuza bila risiti yake. Kwa hiyo, hata kama msimbo wa mashine hiyo unafanana kabisa na wa mtumaji wa ujumbe, nisingemwandikia mtu yeyote klasi ya mashine tupu ya kutumika dukani. Mashine isipopatikana, mauzo yasimame kabla ya `mauzo.hifadhi()`, na skrini imwambie muuzaji kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba mashine haijaunganishwa.

Mwenye programu iliyokwishaandikwa anaweza kutafuta mahali pa kuanzia kwa kuorodhesha mistari yote yenye `is not None`, kisha kuangalia kinachofanyika upande wa pili wa kila swali, pale objekti isipokuwepo. Martin Fowler aliiweka kazi hii kwenye kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu kuboresha msimbo uliopo, na katika toleo la 2018 akaipanua, akaona kwamba utupu ni mojawapo tu ya hali maalumu nyingi zinazostahili objekti yake. Upande wa pili ukiwa hauna kitu, au ukiwa na jibu lilelile kila mahali, hapo objekti tupu itaingia vizuri: unaiandika, unaiweka kwenye chanzo, unafuta maswali moja baada ya jingine huku ukijaribu programu kila hatua. Ukikuta kila mahali upande wa pili unafanya jambo lake, huku ukichapa onyo, kule ukimrudisha mtumiaji nyuma, kwingine ukiruka hesabu, basi waagizaji wana haki ya kujua kwamba objekti haipo. Hapo waachie swali lao, au tumia lugha kama Kotlini inayokataa kujenga programu mpaka swali liwe limeulizwa. Na ukishaweka objekti tupu kisha ukaanza kuona mistari kama `isinstance(mtumaji, MtumajiTupu)` ikichipuka kwenye mafaili, ujue maswali uliyoyafuta yanarudi, na kuna kitendo ambacho mtumaji tupu bado hajapewa.